Naomba ushauri: reli za sola zimefungwa kwenye bati tu, upepo unazinyanyua

Habari zenu wakuu. Niko Singida, na upepo wetu mnaujua. Nina paneli 6 za wati 550 juu ya bati la geji 30, na papi zangu ni za mbili kwa mbili.

Fundi alifunga reli kwa skrubu fupi zilizoshika bati peke yake, tena kwenye bonde la bati ambako maji ndiyo yanapita. Upepo ukivuma nasikia bati linagonga, na mvua ikinyesha dari linalowa sehemu tatu. Nimepaka silikoni mara mbili. Jua linaikausha, inabanduka.

Sasa nataka kufungua zote na kupiga skrubu ndefu zenye washa ya mpira kwenye mgongo wa bati, zizame kwenye mbao. Maswali yangu matatu:

Papi za mbili kwa mbili zitahimili, au niongeze mbao kwa ndani zilizofungwa kwenye kenchi?

Safu ya chini imefika ukingoni kabisa mwa paa, ambako upepo huingia kwa chini. Niirudishe ndani kiasi gani?

Matundu ya zamani nayaziba kwa kipande cha bati na ribeti, au nibadilishe bati lote?