Naomba ushauri: mvua imevuruga mpango wangu wa kazi

Wakubwa, jambo. Mimi ni kapita wa shamba huku Kabare, karibu na Bukavu. Leo asubuhi niligawa watu 14: 8 kupalilia maharagwe, 4 kupulizia viazi dawa ya ukungu, 2 kubeba samadi. Saa tatu mvua ikanyesha, dawa ikaoshwa kabla ya kukauka. Maharagwe nikayaacha, maana kupita kwenye majani yenye maji kunasambaza ugonjwa wa madoa. Nikawapeleka wote kwenye mifereji, kumbe beleshi ni 5 tu! Wengine wakasimama, na wanalipwa kwa siku. Inaniuma sana.

Asubuhi ya mawingu nianze na kazi gani? Niwaweke wangapi ndani wachambue mbegu? Na viazi, nirudie kupulizia majani yakikauka tu?