Naomba ushauri: kuonekana Google kumeshuka, ni masika au ni kichwa nilichobadilisha?

Habari zenu wakuu. Naendesha tovuti ya nyumba ya wageni hapa Capri Point, Mwanza. Mwanzoni mwa Machi nilibadilisha kichwa cha ukurasa wa vyumba, kutoka "Nyumba ya wageni Mwanza karibu na Saanane" kuwa "Vyumba Mwanza, pumzika kando ya ziwa". Sasa ukurasa unaonekana mara 520 kwa wiki, toka 900.

Kwanza nililaumu masika, maana wageni hupungua. Nikafungua Search Console nikalinganisha na wiki zilezile za mwaka jana: kulishuka pia, ila kwa robo tu. Ukurasa wa boti, ambao sijaugusa kabisa, nao umeshuka robo. Kwa hesabu hiyo ningebaki na kama 675.

Nikachuja neno kwa neno. "vyumba mwanza" bado ni nafasi ya 8, watafutaji tu ndio wamepungua. Lakini "nyumba ya wageni saanane" imetoka nafasi ya 6 hadi ya 19. Hapo roho iliniuma.

Je, nirudishe kichwa cha zamani chote, au nirejeshe "nyumba ya wageni" na "Saanane" tu? Na nisubiri wiki ngapi kabla ya kupima tena, ikizingatiwa Juni wageni wanaanza kurudi na namba zitapanda zenyewe?