Ankara 57 hazionekani kwenye Excel, bosi anataka kumkata kijana wa kaunta. Naombeni ushauri

Binti Kibirizi
Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, duka la jumla la saruji na mabati. Ankara zinaandikwa kwa mkono, kila kitabu seti 50, halafu mimi naziingiza kwenye Excel. Robo hii tulianzia namba 4001 tukaishia 4300, lakini shiti yangu ina mistari 243 tu. Bosi anasema zote zisizoonekana zimeliwa na kijana wa kaunta, na mwisho wa mwezi anamkata mshahara. Mimi siamini, ila sina cha kumwonyesha. Nitajuaje ni namba zipi hasa hazipo?

Fundi Shiti
Rahisi dada. 4300 toa 4001 ni 299, toa 243, zimepotea 56. Panga namba kuanzia ndogo kwenda kubwa, kisha kila namba itoe iliyo juu yake. Jibu likiwa 1 ni sawa, likizidi hapo pana pengo.

Nyuki wa Tabora
Pole sana. Sisi huku Tabora tunanunua asali, na mfumo wetu unaruka namba wenyewe umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi. Mwambie bosi ni kompyuta tu.

Mzee wa Leja
Ndugu wa Tabora, yako ni kweli kwa mfumo: namba ikishatolewa, hata hifadhi ikishindikana haitolewi tena. Lakini kitabu kilichochapwa kiwandani hakiruki. Kila namba ya binti huyu ina karatasi yake mahali fulani.

Fundi, kutoka 4001 hadi 4300 kuna namba 300, maana ya kwanza nayo inahesabiwa. Pungufu ni 57. Na hiyo 57 nayo si ya kuamini mpaka ujue kama kuna namba imeingizwa mara mbili, kwa sababu ya pili inajaza nafasi ya iliyokosekana. Binti, usipange kwanza. Safu ya D andika 4001 mpaka 4300, namba za ankara zikiwa safu ya A, kisha kwenye E2 weka hii uiburute hadi chini:

```
=COUNTIF(A:A,D2)
```

Penye 0 haipo, penye 2 imejirudia. Tuletee zote.

Binti Kibirizi
Mzee, shikamoo. Zenye 0 ni 59! Zenye 2 ni 4063 na 4172. Zisizopo ni 4201 mpaka 4250 mfululizo, halafu 4012, 4036, 4088, 4089, 4127, 4155, 4190, 4266 na 4281.

Mzee wa Leja
Marahaba. Hapo umeshapata nusu ya majibu. 4036 haipo na 4063 ipo mara mbili. 4127 haipo na 4172 ipo mara mbili. Tarakimu zimepinduliwa wakati wa kuingiza. Fungua kitabu uone jina la mteja, urekebishe.

Hamsini mfululizo, zinazoanza na kuisha sawasawa na kitabu, hizo si karatasi za kuchomolewa moja moja. Ni kitabu kizima hakijafika mezani kwako. Nani alikabidhiwa?

Zilizobaki, kagua kitabuni. Ankara iliyofutwa lazima seti yake yote iwepo, ya mteja pamoja na nakala, zimepigwa mstari. Ikiwepo nakala peke yake, mzigo ulitoka, na ni wewe hukuingiza.

Binti Kibirizi
Nimerudi. Mbili za kupinduliwa ni kosa langu, nimerekebisha. Kitabu cha 4201 kipo tawi la Kasulu, kimeletwa jana na basi: kimeandikwa mpaka 4238, seti 12 za mwisho bado tupu. 4012, 4155, 4190, 4266 na 4281 zimefutwa, seti zote zipo. Zimebaki 4088 na 4089. Zimechanwa mpaka mzizi, hakuna hata nakala. 4087 na 4090 ni za siku moja.

Mama Stoo
Mwanangu, angalia nakala ya 4090. Hawa vijana wakisahau kuweka kadibodi chini ya seti, kaboni inachapa mpaka seti inayofuata. Ishike ubavu kwa dirisha.

Binti Kibirizi
Mama, ipo! Chini ya maandishi ya 4090 kuna kivuli: "bati geji 30" na "20". Jina la mteja halisomeki. Nimefungua leja ya stoo, siku hiyo hakuna bati 20 zilizotoka.

Fundi Shiti
Basi iliandikwa ikaharibika, mzigo haukutoka.

Mzee wa Leja
Usikimbilie huko. Leja inaandikwa na mtu. Hesabu bati za geji 30 zilizopo stoo leo, rudi nyuma na mapokezi na mauzo mpaka siku hiyo. Zikipungua 20, zilitoka bila kuandikwa, na hapo unawauliza wote wawili, wa kaunta na wa stoo. Bosi mpelekee orodha ya 59 na sababu ya kila moja. Mbele ya 4088 na 4089 andika "haijajulikana".

Binti Kibirizi
Orodha nimempelekea asubuhi. Makato amesimamisha mpaka tuhesabu bati Jumamosi. Ila 4088 haikuacha hata kivuli, na kijana anasema hakumbuki.