Ushauri wakuu: miezi 8 nina faida kwenye kubeti, ndugu wanataka kunipa 1,500,000 niwachezee

Fundi Pancha
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi pancha hapa Makambako, karibu na stendi. Nyuma ya kijiwe changu kuna kibanda cha kubeti, televisheni moja, mashine ya tiketi na mabenchi mawili. Wa kila siku tunafika kama 40: bodaboda, wapiga debe, madereva wa malori, walimu wawili. Pale naitwa Profesa, jina nililopewa na wenzangu kwa sababu ya daftari.

Tangu Januari, kila mechi ninayoicheza peke yake naiandika: tarehe, timu, nilichochagua, odi, dau, matokeo. Nacheza magoli tu, Over 2.5 au Under 2.5, odi ikiwa 1.85, dau 1,000, kama mechi sita kwa wiki. Juzi nimetimiza mechi 200. Nimepatia 112, nimekosa 88. Nimeweka 200,000 na zimerudi 207,200. Ni hela ndogo, lakini pale kibandani hakuna mwingine anayeweza kukuonyesha maandishi kwamba yuko mbele.

Sasa mtoto wa mjomba wangu na wenzake watatu wameuza viazi, wamechanga 1,500,000. Wanataka niwachezee kwa dau kubwa, faida tugawane nusu kwa nusu. Mimi mwenyewe nina 800,000 niliyoiweka kwa ajili ya kompresa. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ninachoomba kujua ni hiki: mtu atajuaje kama anajua kweli, au ni bahati imemkalia?

Kijana wa Uyole
Profesa uko vizuri. Kwanza umefanya jambo la maana kucheza mechi moja moja, maana mkeka wa timu kumi ni kuwapa kampuni hela. Nakuongezea moja: ukikosa mara tatu mfululizo, ya nne weka dabo. Haiwezekani mtu anayejua akose nne. Chukua hiyo hela ya ndugu.

Mama Neema
Mwanangu, achana na hayo mambo. Mume wangu aliingia kwenye dubwi, zile mashine za kutumbukiza sarafu za 200. Alianza na chenji ya sukari, akaishia kuuza cherehani yangu. Ukitaka kuacha, mpe mke wako hela yote ya kazi kila jioni. Mimi ndivyo nilivyomsaidia, ilichukua miezi minne.

Fundi Pancha
Pole sana mama, na asante. Dubwi sichezi, na kijiwe kinanilisha bila kugusa hela ya kubeti. Ila la kumkabidhi mama watoto hela ya jioni nimelisikia.

Mwalimu wa Hesabu
Fundi, daftari lako lina thamani kuliko unavyodhani, kwa hiyo tulisome vizuri.

Anza na bei. Mechi ileile, Over 2.5 ni 1.85 na Under 2.5 ni 1.85. Chukua 2,000, weka 1,000 kila upande. Vyovyote itakavyokuwa utarudishiwa 1,850. Ile 150 imebaki kwa kampuni kabla mpira haujaanza. Ndiyo maana kupatia nusu ya mechi hakutoshi. Katika mechi 200 kwa odi hiyo, ukipatia 108 bado una hasara ya 200. Faida inaanzia 109. Wewe una 112, yaani umevuka mstari kwa mechi nne.

Sasa chukua mtu asiyejua mpira kabisa, anarusha shilingi. Mechi 200 atapatia kama 100, lakini si 100 kamili kila mara. Wengi wataangukia kati ya 93 na 107. Kama mmoja katika kila 20 atafika 112 au zaidi, kwa kurusha shilingi tu. Kibandani kwenu mko 40. Hata kama wote mngekuwa mnarusha shilingi, tungetegemea wawili hivi wawe na daftari kama lako, na mmoja wao angeitwa Profesa.

Nilijaribu hili darasani kwangu, wanafunzi 40, kila mmoja akarusha mara 200. Mmoja alipata 115, mwingine 112. Yule wa 115 alianza kuwaeleza wenzake namna ya kuishika sarafu, na walimsikiliza.

Sisemi huna ujuzi. Nasema 112 haiwezi kututenganishia wewe na yule mwanafunzi.

Na Kijana wa Uyole, mechi ya nne haijui kwamba umekosa tatu. Anayeongeza dabo kila anapokosa, akianza na 1,000, akikosa mara saba ameshatoa 127,000, na ya nane inadai 128,000. Kukosa saba mfululizo ndani ya mechi 200 hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Fundi Pancha
Mwalimu, sarafu haisikilizi redio. Mimi nafuatilia majeruhi, kocha mpya, nani amecheza katikati ya wiki. Mtu anayefanya hivyo analinganishwaje na shilingi?

Mwalimu wa Hesabu
Swali zuri. Tatizo ni kwamba anayepanga odi naye anajua majeruhi, na ameshaiweka taarifa hiyo ndani ya bei. Kujua kwamba Yanga itaifunga timu ya chini hakukupi kitu kama odi ni 1.20, maana hapo unatakiwa upatie zaidi ya mechi 83 katika 100 ndipo uone faida. Swali si nani atashinda. Swali ni kama bei imekosewa.

Kuna kipimo cha haraka kuliko kusubiri mechi 2,000. Wewe unanunua tiketi mapema, si ndiyo? Tiketi imeandikwa odi. Dakika tano kabla ya mpira kuanza, angalia odi ya chaguo lilelile na uiandike pembeni. Kufikia hapo vikosi vimetangazwa na hela za watu wengi zimeshaingia, kwa hiyo bei ya mwisho ndiyo makadirio mazuri kuliko mengine. Ukiwa ulinunua 1.95 ikafungia 1.80, ulinunua rahisi, kama aliyeweka gunia la viazi Jumatatu bei ikapanda Jumamosi. Ikitokea hivyo mara nyingi, kuna kitu unakiona kabla ya wengine, hata kama mechi yenyewe umekosa. Odi ikipanda na kushuka bila mpangilio, unachokijua wewe tayari wanakijua.

Dada wa Tiketi
Naomba niingie. Nimekaa nyuma ya mashine ya tiketi miaka mitatu, mji mwingine. Kaka Fundi, umesema unaandika mechi unazozicheza peke yake. Na mikeka?

Nauliza kwa sababu kila kibanda nilichofanya kazi kulikuwa na Profesa wake, na mimi ndiye niliyekuwa nawakatia tiketi. Asubuhi anacheza mechi yake ya akili, jioni anakuja na mkeka wa 1,000 "wa kujifurahisha". Ule wa jioni hauingii kwenye hesabu. Hawakuwa waongo, waliamini kweli kwamba ule si kubeti.

Fundi Pancha
Dada umenishika. Mikeka ninayo, siiandiki. Nina kopo la maziwa ninalotupia tiketi zote. Nipeni mpaka kesho.

Fundi Pancha
Nimemwaga kopo mezani jana usiku, mke wangu akinisaidia kupanga. Tumekuta tiketi za mkeka 118, karibu zote za timu nane, kila moja 1,000. Zilizotiki ni mbili: 21,400 na 38,600. Yaani nimeweka 118,000, zikarudi 60,000. Hasara 58,000. Nikiondoa faida ya daftari, 7,200, tangu Januari niko nyuma 50,800. Na hizo ni zile zilizofika kwenye kopo.

Wakuu, ile ya 38,600 naikumbuka mpaka shati nililovaa. Zile 116 zilizochanika sikumbuki hata tano. Nilikaa pale mezani muda mrefu.

Mwalimu wa Hesabu
Pole, ila hesabu yako haina ajabu yoyote. Kila mechi kampuni inabakiza kama 75 katika 1,000. Ukiunganisha nane, makato yanazidishana, na katika kila 1,000 kinachorudi kwa wastani ni kama 536. Kwa 118,000 ingekuwa kama 63,000. Wewe umepata 60,000. Mikeka yako imefanya ilichotengenezwa kufanya.

Kijana wa Uyole
Mimi nilisema mkeka ni mbaya. La dabo bado nalitafakari.

Fundi Pancha
Narudi baada ya wiki sita, nisije nikaonekana nimekimbia.

Hela ya ndugu sikuipokea. Niliwaonyesha daftari na kopo pamoja, wawili walinielewa, binamu alisema namficha siri.

Kipimo cha Mwalimu nimekifanya. Nilinunua mapema, dau 500, nikaandika odi ya mwisho. Mechi 30 za ligi za Ulaya: odi ilishuka baada yangu mara 14, ikapanda mara 13, ikabaki palepale mara 3. Hapo nimekubali, sina ninachokijua ambacho hawakijui. Muda wote niliokuwa nasikiliza habari za England nilikuwa nafuatilia habari iliyokwishalipiwa.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Mechi 9 za Ligi Kuu yetu, odi ilishuka baada yangu mara 6. Hizi nazijua kwa njia nyingine: madereva wa mabasi wanaziba pancha kwangu, wananiambia timu gani imepita saa nane usiku ikielekea Mbeya na itacheza kesho yake Sokoine. Je, huu si ujuzi?

Mwalimu wa Hesabu
Inawezekana kabisa ni ujuzi. Taarifa ya basi la saa nane usiku ni ya aina tofauti na ya redio, maana anayepanga odi hajaisikia. Lakini 6 kati ya 9 hata sarafu hutoa kirahisi, kama mara moja katika kila nne. Endelea kuandika bila kuweka hela mpaka zifike 100, tuonane.

Dada wa Tiketi
Na hata ukifika 100, ujue ligi ndogo zina kikomo cha dau. Nimeona mteja anakataliwa 50,000 kwenye mechi ambayo 5,000 inapita. Milioni na nusu ya ndugu isingekuwa na pa kuingia huko, ingerudi kwenye Over 2.5 za Ulaya.

Fundi Pancha
Hilo sikulijua kabisa, asante dada. Nitaendelea kuandika.

Jambo la mwisho. Binamu amepata Profesa mwingine palepale kibandani, kijana wa bodaboda aliyetikisha mkeka wa 410,000 wiki mbili zilizopita. Amempelekea sehemu yake, 400,000. Nilimwomba yule kijana anionyeshe daftari, akasema yeye anaweka kichwani. Binamu alikuwa amesimama pale, akacheka, akanipiga begani. Jumamosi wanaanza. Nyie mngemwambiaje?