Mjadala: Kombo ndefu ipunguzwe nguvu, au aliyeishika amalize damu yote?

Kijana wa Maweni (Malindi): Tunatengeneza gemu ya kupigana, watu wawili, kila mmoja ana damu 10000. Pigo zito linatoa 1000. Ukishikwa mara moja, mapigo kumi yanakumaliza na pedi yako hujaigusa. Baadhi yetu wanataka pigo linalofuata ndani ya kombo, yaani mfululizo huo wa mapigo, lipungue nguvu. Wengine wanasema huko ni kumwibia aliyefanya mazoezi. Mwasemaje?

Fundi wa Langoni (Lamu): Punguzeni, wala msibuni ngazi mpya. Street Fighter 6 ya 2023 ina damu 10000 kwa wahusika wengi kama yenu, na ngazi yake ya msingi ni hii: pigo la kwanza na la pili hubaki kamili, la tatu asilimia 80, la nne 70, kisha kumi kumi mpaka 10, na hapo haishuki tena. Tia mapigo yako kumi ya 1000 humo. Mtapata 1000, 1000, 800, 700, 600, 500, 400, 300, 200 na 100. Jumla ni 5600. Aliyeshikwa anabaki na 4400, na kuanzia hapo kila pigo ni 100 tu, kwa hiyo mtahitaji mengine 44 kummaliza. Aliyefanya mazoezi bado ametoa zaidi ya nusu ya damu kwa kumshika mtu mara moja. Hapo hajaibiwa kitu.

Baba Pwani: Mbona mnazunguka? Shusheni pigo zito kutoka 1000 hadi 500, shida imekwisha.

Fundi wa Langoni: Hapana, ndugu yangu. Ukifanya hivyo umemgusa pia yule anayepiga moja moja kwa mbali. Yeye alikuwa anashinda kwa mapigo kumi safi, sasa anahitaji ishirini, na kila moja analipata kwa kubahatisha upya. Mwenye kombo anaongeza tu urefu wa mfululizo uleule. Punguzo la ngazi haligusi pigo la peke yake hata kidogo. Linagusa yale yanayokuja wakati mwenzako ameduwaa na hawezi kukinga.

Dada wa Shela: Mimi nipo upande wa mazoezi, na sijashawishika. Kombo ya mapigo kumi ni ngumu kuliko ya mawili. Mnamlipa nini mtu anayeongeza pigo la tisa na la kumi? 300 kwa yote mawili! Basi ataacha kujifunza, atapiga mawili na kurudi nyuma.

Fundi wa Langoni: Dada, hoja yako ina uzito, ila tazama ngazi inafundisha nini. Mtu akianza na ngumi nyepesi mbili za 300, kisha pigo zito la 1000, kisha teke la 1400, anapata 300, 300, 800 na 980, yaani 2380. Mwingine akianza na lile zito na kumalizia kwa teke hilohilo, anapata 1000 na 1400, yaani 2400, kwa mapigo mawili. Ngumi nyepesi zimekula ngazi mbili za juu. Kwa hiyo ujuzi unahama: kutoka kukumbuka mfululizo mrefu, kwenda kujua kipi kitangulie na wapi uache. Ngumi nyepesi ni ya haraka na inashika kirahisi, hivyo ni sawa ilipwe kidogo.

Na kuna malipo mengine. Kombo ya mapigo matano inatoa 4100. Ukikatiza hapo makusudi, ukamwacha mwenzako azinduke, kisha ukamshika tena kwa matano mengine, ngazi imeanza upya na umepata 8200. Mapigo ni kumi yaleyale yaliyotoa 5600, ila katikati yeye alipata nafasi ya kukinga, na wewe ulilazimika kumsoma.

Dada wa Shela: Hilo la kukatiza nalikubali. La pigo la kumi kulipwa 100, bado.

Mwana wa Amu: Ndia ni moya tu, punguzo. Hata kombo isiyoisha inakufa yenyewe.

Kijana wa Maweni: Haifi, kaka. Nimeijaribu sasa hivi kwenye ukuta. Mwenzangu alishikwa pale, damu ikashuka 100, 100, 100 mpaka sifuri.

Fundi wa Langoni: Ndivyo inavyokuwa. Ngazi yenye chini yake asilimia 10 hairefushi ila muda. Pigo moja kila fremu 20, mapigo 44 ni fremu 880, karibu sekunde 15 za kumtazama mtu akipigwa. Hapo tumieni dawa ya pili: kila pigo lifupishe muda wa kuduwaa, au limsukume mpigaji nyuma hata aliyepigwa akiwa ukutani, mpaka pigo linalofuata lisimfikie.

Tuonyeshe na ulivyoandika hesabu, maana hapo ndipo watu wengi wanakosea.

Kijana wa Maweni: Hii hapa, kwa Godot. `hatua` inaanza sifuri.

```gdscript
const NGAZI = [100, 100, 80, 70, 60, 50, 40, 30, 20, 10]

func hesabu(nguvu, hatua):
    var i = min(hatua, NGAZI.size() - 1)
    return nguvu * NGAZI[i] / 100
```

Mwanzo nilikuwa nimegawa kabla ya kuzidisha. Mapigo mawili ya kwanza yalikuwa sawa, kuanzia la tatu hayakutoa damu kabisa.

Fundi wa Langoni: Kwa sababu namba zote ni nzima: 100 gawa kwa 100 ni 1, lakini 80 gawa kwa 100 inakatwa kuwa 0. Sasa iko sawa. Angalia mambo mawili zaidi. `hatua` irudi sifuri pale tu aliyepigwa anapotoka kwenye kuduwaa. Ukiirudisha kwa saa ya sekunde moja, kombo ya polepole itaanza upya katikati, na utaliona pigo la saba likitoa 1000. Pili, teke la mfululizo lenye migongano mitano lihesabiwe hatua moja. Likihesabiwa tano, pigo linalofuata linaanzia asilimia 50, na hakuna atakayelitumia teke hilo.

Mama Kipini: Na supa je? Kijana wangu anailimbikiza mechi nzima, halafu akiitoa mwisho wa kombo inatoa kama ngumi nyepesi. Ananiuliza kama gemu imeharibika.

Fundi wa Langoni: Haijaharibika, mama, ila supa inahitaji sakafu yake. Katika Street Fighter 6 supa ya daraja la tatu haishuki chini ya asilimia 50. Tuseme ni ya 4000: hata ikija pigo la kumi itatoa 2000 badala ya 400. Mwambie kijana asichomeke ngumi nyepesi kabla yake ovyo. Baada ya mapigo manne supa inatoa asilimia 60, yaani 2400. Akiongeza ngumi ya 300 kwanza, anapata 180 na kupoteza 400. Akishafika pigo la sita, supa imegusa sakafu, na kila anachoongeza ni faida.

Dada wa Shela: Basi kama supa ina sakafu ya 50, kwa nini mapigo ya kawaida yasiwe na 20? Jumla ya mapigo kumi inakuwa 5700 tu, na wa kombo ndefu anapata kitu.

Fundi wa Langoni: Kwa pigo la kumi, 20 haina neno. Baada ya hapo ni 22 kummaliza badala ya 44, na tatizo la ukutani bado halijatibiwa.

Kijana wa Maweni: Nitaweka 20, nirekebishe ukuta kwanza, tucheze mechi hamsini na nirudi na hesabu.

Dada wa Shela: Cheza na 10 pia. Mechi hamsini kila moja, wachezaji walewale.