Naomba ushauri: daluga za vijana kwa uwanja wa changarawe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasimamia timu ya vijana hapa Wete, Pemba, na uwanja wetu ni changarawe tupu. Daluga za mtumba zenye meno marefu machache zinapatikana kwa 25,000, lakini meno hayo ni ya majani. Kwenye ardhi ngumu hayazami, kwa hiyo uzito wote unaishia kwenye ncha chache: mtoto analalamika kisigino, na plastiki inalika upande mmoja mpaka mguu unapinda.

Nimeona nyingine mpya, soli ya mpira yenye vijino vifupi vingi, 45,000. Hizi zinakanyaga vizuri. Wasiwasi wangu ni pale mbele kwenye vidole, maana soli imegundishwa tu, na changarawe hufungua gundi kabla mpira haujalika. Nikiikunja, inapinda penye vidole, si katikati ya unyayo, hilo limenipendeza.

Waliozitumia, je, nikimpa fundi azishone pembeni zikiwa bado mpya zitahimili msimu? Au uzi nao hukatwa na mawe? Wazazi wakishachanga, sina pa kuomba tena.