Mteja kasitisha kazi katikati, halafu anataka nimrudishie kianzio!

Wakuu, nimechoka kuonewa. Nilipewa kazi ya kubuni nembo na lebo nne za chupa za juisi kwa 2,400,000: nembo 1,200,000, kila lebo 300,000. Kianzio walitoa 720,000. Nembo wakaipitisha kwa maandishi, lebo mbili nikazimaliza. Jana usiku nikapata ujumbe: "Bosi ameghairi, simamisha. Rudisha advansi, kazi haijakamilika."

Nirudishe nini? Nimefanya kazi ya 1,800,000, ukitoa kianzio bado nawadai 1,080,000! Na wiki mbili nilizowatengea nilishakataa kazi ya mtu mwingine. Mkataba una bei na tarehe tu, habari ya kusitisha haimo. Nifanyeje?

Mshonaji wa Mbagala: Pole kaka. Kwangu bibi harusi akighairi gauni, kianzio hakirudi, yameisha. Baki na hiyo 720,000 muachane.

Mleta uzi: Dada, gauni utamuuzia mwingine. Lebo yenye jina la juisi yao nimuuzie nani? Nikibaki na kianzio tu, nimewasamehe zaidi ya milioni!

Kalamu Nzito: Siku nyingine andika anayeghairi analipa bei yote. Watakoma.

Mzee wa Mikataba: Kalamu, kuandika sawa, lakini usitegemee kupewa yote. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa fidia ya kadiri, na kiasi mlichoandika ndicho ukomo wake.

Kijana, tenganisha madai yako. Kazi uliyofanya unaidai yote, na hapo una nguvu kwa sababu nembo waliipitisha kwa maandishi. Lebo mbili ambazo hukuzianza ni 600,000. Hizo ndizo za ada ya kusitisha, ambayo ni fidia ya siku ulizowafungia. Kama mngeandika robo, ungedai 150,000. Hamkuandika, kwa hiyo itabidi uonyeshe hasara yenyewe. Ujumbe wa ile kazi uliyoikataa unao?

Mleta uzi: Ninao, na tarehe yake inaonekana.

Mzee wa Mikataba: Uutunze. Watumie ankara ya 1,080,000 leo, iorodheshe walichopitisha na siku waliyopitisha. Dai la wiki mbili liweke mstari wake peke yake, wakilipinga lisivute na lile la kwanza. Faili za kuchapia wanazo?

Mleta uzi: Za lebo hapana, wameona picha ndogo tu. Ya nembo niliwatumia siku ileile walipoipitisha.

Kalamu Nzito: Wapige marufuku kuitumia!

Mzee wa Mikataba: Taratibu. Mkataba unasema nembo inakuwa yao lini?

Mleta uzi: Hausemi.

Mzee wa Mikataba: Hapo mpelekee wakili ausome mwenyewe, mimi sitakudanganya. Kwanza angalia kama wameshaanza kuitumia.

Mleta uzi: Nimefungua ukurasa wao sasa hivi. Nembo yangu ndiyo picha yao ya wasifu, wameiweka leo asubuhi.